Kampeni za kunawa mikono: kwa nini hofu ya kipindupindu haitoshi

Mvua zikikaribia, kambini na katika vijiji jirani tunajua kitakachofuata. Gari lenye vipaza sauti litapita, mabango yatabandikwa kwenye ukuta wa zahanati na kwenye vituo vya maji, na wahamasishaji wa afya wataenda nyumba kwa nyumba na ujumbe ule ule: kipindupindu kinaua, nawa mikono kwa sabuni. Utasikiliza na kuitikia, pengine hata utanyoosha mkono mhamasishaji akiuliza nani anazijua nyakati za kunawa. Wiki chache baadaye, ukipita nyuma ya vyoo vya mtaa wako, utakuta vibuyu chirizi vimekauka, kamba zimekatika na sabuni haipo.

Safari hii swali la nini kinafaa na nini hakifai lina uzito zaidi. Mwaka 2025 Kongo ilikumbwa na mlipuko wa kipindupindu mbaya kuliko yote kwa robo karne, na watu wanavuka maziwa na mipaka kila siku. Mwaka huo huo fedha za misaada zilikatwa, na kambi nyingi za ukanda wetu zikaona mgao wa chakula ukipungua. Kampeni inayotumia fedha chache zilizobaki kuwaambia watu jambo wanalolijua tayari inawanyima kitu kingine ambacho fedha hizo zingekifanya.

Wataalamu wa afya ya jamii wana chombo cha zamani cha kupima jambo hili. Kinaitwa modeli ya imani za afya. Neno imani hapa halina uhusiano na dini. Lina maana ya yale ambayo mtu ameyashika moyoni kuhusu ugonjwa na kuhusu kinga yake, yawe kweli au yasiwe kweli. Miradi mingi ya usafi huitaja modeli hii katika maandiko ya kuombea fedha. Inapofika kambini, mara nyingi kinachobaki ni nusu yake ya kwanza tu, yaani hofu.

Ilivyoanza: gari la eksirei lisilo na wateja

Katika miaka ya 1950 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilikuwa ikipeleka magari ya eksirei mitaani ili kuwapima watu kifua kikuu. Kipimo kilikuwa bure, kilichukua dakika chache, na gari lilisimama karibu na nyumba. Hata hivyo watu wengi hawakutokea. Wanasaikolojia wa idara hiyo, akiwemo Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, wakaanza kuuliza swali lililogeuka kuwa modeli: mtu anaamini nini anapoamua kwenda, na anaamini nini anapoamua kubaki nyumbani?

Hochbaum alizungumza na watu wazima zaidi ya 1,000 katika miji 3. Kati ya wale walioamini kwamba wanaweza kupata kifua kikuu, na kwamba kugunduliwa mapema kuna faida, 82 katika kila 100 walikuwa wamepiga eksirei. Kati ya wale ambao hawakuamini lolote kati ya hayo mawili, ni 21 tu katika kila 100. Kutokana na kazi hiyo na nyingine zilizofuata, modeli ikasema kwamba mtu hupima mambo manne kichwani: je, mimi naweza kuupata ugonjwa huu, nikiupata, utanidhuru kiasi gani, hatua ninayoambiwa nichukue ina faida gani, na itanigharimu nini. Likaongezwa la tano, kitu kinachomsukuma mtu kwa wakati ule, kama tangazo, kifo cha jirani au ukumbusho wa mtoto. Mwaka 1988 Rosenstock na wenzake wakaongeza la sita: je, mtu anajiamini kwamba anaweza kulifanya jambo lenyewe na kuendelea nalo?

Zingatia jambo moja hapa, kwa maana ndipo kampeni zetu zinapopotea. Eksirei ni tendo la mara moja. Hofu ya leo inatosha kukupeleka kwenye gari leo, na ukitoka hapo kazi imekwisha. Kunawa mikono ni tendo la mara 5 au 10 kwa siku, kila siku, mtoto akiwa analia na chungu kikiwa motoni. Hofu haidumu namna hiyo. Mwaka 1984 watafiti wawili, Nancy Janz na Marshall Becker, walikusanya tafiti zilizokuwa zimetumia modeli hii na kuangalia ni sehemu ipi hutabiri vizuri zaidi kile watu wanachofanya. Iliyoongoza ni vikwazo, yaani gharama na usumbufu ambao mtu anauona. Iliyokuwa dhaifu kuliko zote ni uzito wa ugonjwa. Kwa maneno mengine, “kipindupindu kinaua”, sentensi inayopigiwa kelele kuliko zote, ndiyo yenye nguvu kidogo kuliko zote.

Kagunga haijasahaulika

Kwa watu wa Kigoma ujumbe wa uzito wa ugonjwa una udhaifu mwingine: watu wanaujua kwa macho yao. Mwezi Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia walijikuta wamebanana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mlima nyuma na maji mbele, wakisubiri meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma mjini na kutoka hapo Nyarugusu. Vyoo havikutosha na maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa. Ilipofika tarehe 22 Mei, Umoja wa Mataifa ulikuwa ukitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Kati ya waliofariki 29 walikuwa wakimbizi na 2 walikuwa Watanzania.

Wenzetu wa Uganda walipita njia hiyo hiyo mwaka 2018, Wakongo wa Ituri walipovuka Ziwa Albert na kipindupindu kikazuka katika makazi ya Kyangwali na maeneo ya jirani. Aliyemwona mtu akikauka kwa saa chache hahitaji bango kumwambia kwamba ugonjwa huo ni mbaya. Ukimkuta hanawi mikono, sababu iko kwingine, na kazi ya anayepanga kampeni ni kuitafuta kabla ya kuchapisha bango hata moja.

Kuuliza kabla ya kusema

Njia inayotumiwa na mashirika mengi inaitwa uchambuzi wa vikwazo, na imejengwa juu ya modeli hii. Haihitaji kompyuta. Unatafuta watu 45 wanaofanya jambo na watu 45 wasiolifanya, wote wa mazingira yale yale, unawauliza maswali yale yale, kisha unatafuta mahali majibu yao yanapotofautiana. Jambo ambalo makundi yote mawili yanaliamini kwa kiwango kimoja haliwezi kuwa sababu ya kundi moja kunawa na jingine kutonawa. Tofauti inayohesabika ni ile inayofikia asilimia 15, ambayo kwa watu 45 ni kama watu 7.

Hatua ya kwanza ndiyo inayoharakishwa mno: kusema kwa usahihi ni tendo gani unalolitafuta. “Kunawa mikono” ni pana kupita kiasi. Tuchukue hili: mama au mlezi wa mtoto wa chini ya miaka 5 ananawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kumlisha. Anayefanya hivyo kwa kawaida anaingia kundi la kwanza. Ukikuta kwamba karibu hakuna afanyaye yote matatu, legeza kipimo kidogo, kwa mfano mawili kati ya matatu, ili upate watu 45 wa kuzungumza nao.

Usitegemee jibu la mdomo peke yake. Kila mtu ameshajifunza jibu analolitaka mhamasishaji. Omba kuonyeshwa mahali anaponawia, uone kama pana maji na sabuni wakati ule ule, na kama sabuni ina unyevunyevu au ina vumbi la juzi. Sabuni kavu iliyopasuka juu ya tofali inaeleza zaidi ya maneno.

Wanaouliza wawe watu wanaozungumza lugha ya nyumba ile. Nyarugusu maana yake ni Kirundi, Kibembe na Kiswahili cha Kongo, na katika vijiji vya Kasulu ni Kiha. Wasiulize maswali yanayobeba jibu ndani yake. Kwa mama anayenawa swali ni “nini kinakurahisishia?” Kwa asiyenawa ni “nini kingekurahisishia?” Halafu aandike maneno aliyoyasikia, bila kuyageuza kuwa lugha ya semina.

Hebu tupitishe mfano mzima. Namba zifuatazo ni za kuonyeshea hesabu tu, hazikutoka katika kambi yoyote. Katika mtaa wetu wa mfano, walipoulizwa kama wao au watoto wao wanaweza kupata kipindupindu mwaka huu, 41 kati ya wanaonawa walisema ndiyo, na 40 kati ya wasionawa walisema ndiyo. Walipoulizwa kama ni ugonjwa mbaya, waliokubali ni 44 upande mmoja na 43 upande mwingine. Tofauti ya mtu mmoja si tofauti. Hapo umeshajua kwamba gari la vipaza sauti linaweza kubaki karakana.

Sasa angalia majibu mengine. “Sabuni iko ndani ya nyumba, mbali na choo” ilisemwa na 8 tu kati ya wanaonawa, lakini na 30 kati ya wasionawa. “Tukinawia sabuni itaisha kabla ya mgao ujao” ilisemwa na 14 na 29. “Huwa nasahau” ilisemwa na 10 na 24. Na swali moja lililokaribia kuachwa nje ya karatasi, kama kinyesi cha mtoto mchanga kinaweza kuleta ugonjwa, lilikubaliwa na 37 kati ya wanaonawa na 21 tu kati ya wasionawa.

Jibu hili la mwisho linafundisha jambo kuhusu modeli yenyewe. Mtu anaweza kuamini kabisa kwamba yumo hatarini kupata kipindupindu, na wakati huo huo akaamini kwamba mikono iliyomsafisha mtoto anayenyonya ni misafi, kwa sababu mtoto hali chakula cha watu wazima na kinyesi chake hakina harufu kali. Hatari anayoiona ni ya ziwa na ya choo cha jirani. Ya mikono yake mwenyewe saa 12 asubuhi haioni. Dhana hiyo ipo katika nchi nyingi, na haiondolewi na bango la jumla. Inaondolewa na mazungumzo ya kliniki ya watoto, ambako muuguzi anaweza kusema moja kwa moja kwamba kinyesi cha mtoto hubeba vijidudu vya kuhara kama cha mkubwa.

Katika karatasi ya maswali kuna pia swali linalowatia wahamasishaji wengine wasiwasi: je, kuugua au kutougua ni mapenzi ya Mungu? Liulizwe. Majibu yakitofautiana sana, mchungaji na imamu wana kazi ambayo muuguzi hawezi kuifanya. Muumini anayetia udhu mara 5 kwa siku ana tendo la kuanzia tayari. Kinachokosekana pale ni sabuni tu.

Hesabu ya sabuni

Vikwazo viwili vikubwa vya mtaa wa mfano, sabuni kuwa mbali na sabuni kuisha, kwa kweli ni kimoja. Mama anaiweka ndani kwa sababu nje itaibiwa, italoa mvua, italiwa na mbuzi au kunguru ataruka nayo. Anayemwambia aitoe nje bila kumjibu hayo hajamsikia.

Viwango vya kimataifa vya misaada vinasema kila mtu apate gramu 250 za sabuni ya kuogea kwa mwezi na gramu 200 za kufulia. Unajua mwenyewe, ndugu msomaji, kama kipande ulichopewa mara ya mwisho kilifika hapo, na kama kilibaki sabuni au kiligeuka mboga sokoni. Sabuni kambini ni sarafu. Kumwomba mtu aiache kando ya choo ni kama kumwomba aache noti juu ya tofali.

Kuna njia iliyojaribiwa Bangladeshi ambayo inaelekea kufaa hapa, kwa sababu inamjibu mama wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Chukua gramu 30 za sabuni ya unga ya kufulia, uchanganye na lita 1 na nusu ya maji safi katika chupa ya plastiki, toboa tundu dogo kwenye kizibo kwa msumari, uifunge kwa kamba karibu na kibuyu chirizi. Hayo ni maji ya sabuni. Hakuna anayeiba chupa ya povu, mbuzi hawali, na mvua haiyeyushi kitu.

Sasa hesabu. Tuseme kila anayenawa anatumia kiasi cha kijiko cha chai, mililita 5. Chupa nzima inatosha mara 300. Familia ya watu 6, kila mmoja akinawa mara 5 kwa siku, inatumia mara 30 kwa siku, kwa hiyo chupa inakaa siku 10. Kwa mwezi zinahitajika chupa 3, yaani gramu 90 za unga kwa familia nzima. Hiyo ni chini ya nusu ya sabuni ya kuogea ya mtu mmoja kwa mujibu wa viwango vya hapo juu. Ukiifanya hesabu hii kwa vijiko na chupa mbele ya akina mama 10, umegusa sehemu mbili za modeli kwa wakati mmoja: umepunguza gharama wanayoiona, na umewapa sababu ya kujiamini kwamba wataweza kuendelea mpaka mgao ujao. Bango haliwezi kufanya hivyo.

Tahadhari mbili. Usichanganye maji ya sabuni na dawa ya klorini, na chupa iwekwe alama na kutundikwa juu, mahali ambapo mtoto mdogo hawezi kuifikia akadhani ni kinywaji. Pia jaribu kwanza unga unaopatikana dukani kwenu, maana mwingine huwasha ngozi. Anayewashwa mikono ataacha kunawa, na umejitengenezea kikwazo kipya kwa mkono wako.

Choo cha kushirikiana kina ugumu wake. Pale ambapo familia kadhaa zinatumia choo kimoja, swali la “nani anajaza maji?” huua kibuyu chirizi mapema kuliko mchwa. Hiki nacho ni kikwazo, lakini si cha imani ya mtu mmoja. Ni cha mapatano. Kinahitaji zamu iliyoandikwa na kiongozi wa mtaa anayeifuatilia, na modeli ya imani za afya haina sehemu yake. Afadhali tuseme hivyo wazi kuliko kuilazimisha modeli ibebe kila kitu.

Ukumbusho usiotumia maneno

“Huwa nasahau” ni jibu la kweli, na mara nyingi hulipuuza anayepanga kampeni kwa kudhani ni kisingizio. Tendo la kila siku halikumbukwi kwa sababu ya somo la mwezi uliopita. Linakumbukwa kwa sababu kitu fulani kiko mbele ya macho wakati wake ukifika.

Katika shule mbili za msingi za Bangladeshi watafiti hawakufundisha chochote cha ziada. Walijenga mahali pa kunawia, wakatengeneza njia iliyopakwa rangi kutoka chooni hadi pale, wakachora nyayo za miguu juu ya njia na alama za viganja kwenye kituo chenyewe. Kabla ya hapo wanafunzi 4 katika kila 100 walikuwa wananawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Wiki 6 baadaye walikuwa 74. Shule mbili ni chache, na mahali pa kunawia palikuwa papya, kwa hiyo sifa yote si ya nyayo. Hata hivyo ndoo ya rangi ni bei ndogo kuliko siku moja ya mafuta ya gari la matangazo.

Jaribio jingine lilifanywa kwa watu wanaoishi kama tunavyoishi. Katika kambi ya waliohamishwa na vita kaskazini mwa Iraki, watoto walipewa vipande vya sabuni inayoona hadi ndani, na katikati ya kila kipande kuna kikaragosi kidogo. Ili kukipata ni lazima uinawie sabuni mpaka iishe. Watoto hao walikuwa na uwezekano mara 4 zaidi wa kunawa kuliko wenzao waliopewa sabuni ya kawaida na somo la kawaida. Hakuna aliyewatisha kwa ugonjwa. Hapa modeli inafika ukingoni kwake, kwa sababu inamchukulia mtu kama mpimaji wa hatari na faida za afya, wakati mtoto ananawa kwa ajili ya mchezo, na mtu mzima wakati mwingine kwa ajili ya harufu nzuri au kwa sababu mkwe wake anatazama. Ukikuta sababu ya namna hiyo katika majibu ya wanaonawa, itumie, hata kama haimo katika modeli.

Ugonjwa “wa wale”

Kuna eneo moja ambalo sehemu ya kwanza ya modeli, ya mtu kujiona yumo hatarini, bado ina kazi kubwa, na linatugusa wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Mlipuko ukianza kwa waliovuka juzi, ugonjwa hupewa kabila. Utasikia ni kipindupindu cha Warundi, au cha Wakongo, au cha wale wa kwenye mahema. Kauli hiyo inaumiza, na jambo hilo limeshasemwa mara nyingi. Lisilosemwa ni kwamba inamdanganya anayeitamka. Mtu anayeamini kwamba ugonjwa ni wa wageni ameshajiondoa mwenyewe katika orodha ya walio hatarini, na hana sababu ya kubadilisha chochote nyumbani kwake. Vijidudu hutumia soko moja, mto mmoja na bodaboda moja. Wale Watanzania 2 waliofariki mwezi Mei 2015 hawakuwa na kadi ya ukimbizi.

Kwa hiyo angalia kampeni inayokuja kwako imewekwa wapi. Ikiwa mabango yote yako ndani ya kambi, picha zote ni za mahema, na mahojiano 90 yote yamefanywa kwa wakimbizi, mwenyeji wa kijiji jirani atasoma ujumbe ambao haukuandikwa: hili haliwahusu ninyi. Mahojiano yafanywe pande zote mbili na yahesabiwe mbalimbali. Inawezekana kabisa kambini kikwazo kikawa sabuni, na kijijini, ambako sabuni inapatikana dukani, kikawa hiki cha kujiona nje ya hatari. Hapo zinatakiwa kampeni mbili tofauti, na ile ya kijijini ianze na ramani inayoonyesha watu wanakoteka maji na wanakouziana samaki.

Kujua kama imefanya kazi

Ripoti nyingi hupima idadi ya watu waliofikiwa, na karibu wote “hufikiwa”. Kipimo hicho kinahesabu masikio. Cha pili ni kuwauliza watu kama wananawa, nacho kinahesabu adabu, maana mgeni hajibiwi vibaya. Hata kukaa uani na kutazama kuna kasoro yake. Nchini Bangladeshi watafiti waliwahi kuweka kifaa kidogo ndani ya vipande vya sabuni, kinachohesabu kila mara sabuni inapochukuliwa. Siku mtazamaji alipokuwa nyumbani, sabuni ilichukuliwa kwa asilimia 35 zaidi ya siku za kawaida.

Kwetu hakuna kifaa cha namna hiyo, lakini kuna njia nafuu zinazotosha. Pita bila taarifa katika nyumba 30 zilizochaguliwa kwa kura na utazame vitu vitatu tu: kibuyu au ndoo ina maji, sabuni au chupa ya povu ipo, na zote ziko hatua chache kutoka chooni. Andika ndiyo au hapana. Rudia baada ya wiki 6, na tena baada ya miezi 3, kipindi ambacho msisimko umeshapoa. Kama ulianza na nyumba 7 kati ya 30, ukafika 20 kwenye wiki ya 6, na ukarudi 9 kwenye mwezi wa 3, basi ulichokipata ni msukumo wa kampeni, na tabia haikubadilika. Nenda kwenye zile nyumba 11 zilizoanza kisha zikaacha. Hao ndio wenye habari muhimu kuliko wote, kwa sababu waliamini, walijaribu, na kitu fulani kiliwarudisha nyuma. Waulize ni kipi, kwa maneno yao, kisha tafuta fedha za kukiondoa hicho. Usipime mafanikio kwa idadi ya wagonjwa wa kipindupindu pekee, kwa maana kipindupindu hupitia zaidi katika maji ya kunywa, na mlipuko unaweza kuja au kukawia kwa sababu zisizohusu mikono. Kuhara kwa kawaida kwa watoto ni kipimo bora zaidi. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba kuhimiza kunawa kwa sabuni hupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja, na daftari la zahanati linayo hesabu hiyo ya kila mwezi, kambini na kijijini, bila kumwongezea mtu kazi.

Mhamasishaji akibisha hodi mlangoni kwako msimu huu, una haki ya kumuuliza ni swali gani walilowauliza watu wa mtaa wako kabla ya kuandika ujumbe huo, na wasionawa walijibu nini. Kama hana jibu, mwonyeshe sabuni yako iko wapi na umweleze kwa nini iko hapo.